Kutoka kwenye kipima mvua hadi kwenye kalavati: mwongozo kamili wa kupima ukubwa wa mitaro katika mji unaokua

Ukiuliza mvua ya jana ilikuwa kubwa kiasi gani, utajibiwa kwa milimita: 38, 60, 90. Kwa mkulima jibu hilo lina maana. Kwa anayejenga mtaro halijafika hata nusu ya njia, kwa sababu milimita 38 zilizonyesha polepole tangu alfajiri hadi jioni hazijazi hata mfereji wa pembeni mwa nyumba, ilhali milimita 38 hizo hizo zikishuka ndani ya saa moja zinafunika barabara. Kinachopanga ukubwa wa mtaro ni ukali wa mvua, yaani milimita kwa saa, ndani ya muda fulani. Na muda huo hauchagui wewe. Unachaguliwa na eneo lenyewe linaloleta maji, na mji unapokua unazidi kuwa mfupi.

Mwongozo huu unafuata kivuko kimoja cha barabara kuanzia kumbukumbu za mvua hadi matundu ya kalavati. Mji ni wa mfano, na tarakimu nimezichagua ziwe za kawaida, ila hatua ni zile zile popote.

Hatua ya 1: Soma kumbukumbu kwa dirisha linalosogea

Kipima mvua cha kawaida, kile kinachosomwa mara moja kila asubuhi, kinakupa jumla ya siku tu. Unachohitaji ni kipima kinachorekodi chenyewe. Cha zamani huchora mstari wa wino kwenye karatasi iliyozungushiwa ngoma ya saa. Cha kisasa kina kikombe kidogo kinachopinduka kila kikipokea, mara nyingi, milimita 0.2, na kifaa kinahifadhi muda wa kila mpinduko. Hivi ndivyo mvua moja ya alasiri inavyoonekana ikipangwa kwa dakika tano tano:

```
14:15   0.8
14:20   3.0
14:25   6.4
14:30   8.2
14:35   7.4
14:40   5.0
14:45   3.2
14:50   1.8
14:55   1.0
```

Baada ya hapo zilinyesha milimita 1.6 za rasharasha, jumla ya siku ikawa 38.4. Ukigawanya kwa saa 24 unapata milimita 1.6 kwa saa, namba isiyo na kazi yoyote hapa. Sasa tafuta nusu saa iliyokuwa kali kuliko zote. Wengi hukata kwa kufuata saa ya ukutani: kuanzia 14:00 hadi 14:30 ni milimita 10.2, kuanzia 14:30 hadi 15:00 ni 26.6, wakaandika 26.6. Lakini mvua haijui saa ya ukutani. Ukisogeza dirisha la nusu saa hatua moja moja, utakuta kwamba kati ya 14:20 na 14:50 zilishuka milimita 33.2, sawa na 66.4 kwa saa. Aliyekata kwa saa ya ukutani ameipoteza mvua kwa asilimia 20 kabla hata hajaanza hesabu.

Kwenye lahajedwali kazi hii ni ndogo. Ikiwa tarakimu za dakika tano ziko safu ya B, andika hivi kwenye safu ya C na uivute hadi chini, kisha uchukue thamani kubwa kuliko zote:

```
=SUM(B2:B7)
```

Rudia kwa dakika 15 (seli tatu) na dakika 60 (seli 12). Kwa kila mwaka andika thamani kubwa moja ya kila muda. Si lazima zitoke kwenye mvua moja. Kali ya dakika 15 inaweza kuwa ya mwezi wa tatu na ya dakika 60 ikawa ya mwezi wa kumi na moja.

Kabla ya kuziamini, linganisha jumla za siku na kipima cha mkono kilicho karibu. Kikombe kinachopinduka hupungukiwa mvua inapokuwa kali sana, kwa kuwa maji huendelea kumiminika wakati kikombe kinageuka. Upungufu mdogo unaoonekana siku za mvua kali peke yake ni tabia ya kifaa, na unaweza kurekebishwa. Kukiwa na siku ambazo kipima cha mkono kina milimita 50 na cha kujirekodi kina sifuri au milimita 3 zilizotambaa kwa saa nyingi, faneli ilikuwa imeziba kwa majani au kinyesi cha ndege. Mwaka ambao msimu wake wa mvua umeharibika hivyo uondoe kabisa. Ukiuacha, "thamani kubwa ya mwaka" itakuwa ya mvua ndogo iliyobahatika kurekodiwa, na wastani wote utashuka.

Hatua ya 2: Geuza miaka kuwa mkunjo

Tuseme umebaki na miaka 24 safi. Kwa kila muda tafuta wastani wa thamani za mwaka na mkengeuko wake wa kawaida, ule ambao lahajedwali inautoa kwa `STDEV`. Katika mji wetu:

| Muda | Wastani (mm) | Mkengeuko (mm) |
|---|---|---|
| Dakika 15 | 19.0 | 5.0 |
| Dakika 30 | 28.0 | 7.5 |
| Dakika 60 | 37.0 | 10.0 |

Njia iliyozoeleka ya kutoka hapa kwenda kwenye mvua ya nadra ni ya Gumbel: chukua wastani, ongeza mkengeuko uliozidishwa kwa kipimo K. K ni 1.305 kwa mvua ya miaka 10, 2.044 kwa ya miaka 25 na 3.137 kwa ya miaka 100. Kwa hiyo mvua ya dakika 30 ya miaka 10 ni 28.0 + 1.305 × 7.5, yaani milimita 37.8, au karibu 76 kwa saa. Kwa dakika 15 unapata 102 kwa saa, na kwa dakika 60 unapata 50.

Nukta hizo tatu hazitoshi, kwa sababu muda utakaouhitaji hautaangukia juu yake. Unapitisha mkunjo wenye umbo hili, i ikiwa milimita kwa saa na t ikiwa dakika:

```
i = a / (t + b)^n
```

Kwa tarakimu zetu, b = 20, n = 0.85 na a = 2094 zinapita karibu kabisa na nukta zote tatu. Hiyo b ya dakika 20 sikuiokota hewani: tafiti za mvua za Afrika Mashariki zilizofanywa miaka ya 1970 zilipata theluthi moja ya saa. Mkunjo wa miaka 25 una umbo hilo hilo, ila uko juu kwa asilimia 15 hivi.

"Mvua ya miaka 10" ni jina linalopotosha watu, wakiwemo madiwani. Halimaanishi kwamba ikija mwaka huu utapumzika miaka tisa. Lina maana kwamba kila mwaka kuna nafasi moja katika kumi ya kufikiwa au kuzidiwa, na ndani ya miaka kumi nafasi ya kuiona angalau mara moja ni asilimia 65. Na ukiwa na miaka 24 ya kumbukumbu, mvua ya miaka 25 iko ukingoni mwa ulichokiona. Ya miaka 100 ni kunyoosha mstari gizani. Itumie kukagua, usiitumie kujisifu kwa usahihi.

*Kama una jumla za siku tu.* Miji mingi iko hapa, na bado kuna njia. Tafuta mvua ya siku ya miaka 10 kwa utaratibu ule ule, tuseme milimita 90. Izidishe kwa 1.13, kwa sababu ile ile ya saa ya ukutani: siku inayokatwa saa tatu asubuhi hukata na mvua pia. Unapata karibu 102 kwa saa 24 halisi. Kisha ishushe hadi muda mfupi, t sasa ikiwa kwa saa:

```
R_t = R_24 × (t/24) × ((b + 24)/(b + t))^n
```

Ukiweka t = 0.5, b = 0.33 na n = 0.85, mvua ya nusu saa inakuwa milimita 37, karibu sawa na ile ya kipima cha kujirekodi. Katika mfano huu imekaa vizuri kwa kuwa b na n ni za mkunjo ule ule. Kwako, n ndiyo itakayokusumbua. Ichukue kutoka kituo cha kujirekodi chenye hali ya hewa inayofanana na yako, usikichukue cha pwani ukakipeleka mlimani.

Hatua ya 3: Muulize mteremko, siyo kalenda

Mvua ya muda gani ndiyo hatari kwa kivuko chetu? Ni ile inayodumu sawasawa na muda ambao tone lililoangukia kona ya mbali kabisa linachukua kufika kwenye kalavati. Mvua fupi kuliko hapo itakwisha kabla eneo lote halijachangia. Ndefu kuliko hapo itakuwa na ukali mdogo, kwa sababu mkunjo unashuka. Muda huo unaitwa muda wa kukusanyika.

Eneo letu ni hekta 60. Njia ndefu ya maji ni mita 1,400 na inashuka mita 14, mteremko wa asilimia 1. Leo sehemu kubwa ni mashamba, vichaka na nyumba za hapa na pale, maji yanapita kwenye kijito cha udongo. Kwa hali hiyo fomula ya Kirpich inafaa, L ikiwa mita, S mteremko kwa desimali, jibu likiwa dakika:

```
tc = 0.0195 × L^0.77 × S^-0.385
```

Jibu ni dakika 30. Sasa fikiria eneo hilo hilo likishapimwa viwanja, kijito kikajengewa mawe na saruji, na kila mtaa ukawa na mfereji wake. Kirpich haisemi kitu juu ya mji wa namna hiyo, kwa hiyo tunahesabu kwa mwendo: dakika 5 za kutoka paani na uani hadi kwenye mfereji, kisha mita 1,400 kwa mita 2 kwa sekunde, ambazo ni karibu dakika 12. Jumla dakika 17.

Rudi kwenye mkunjo wa miaka 10. Kwa dakika 30 ni karibu milimita 75 kwa saa. Kwa dakika 17 ni 97. Mawingu ni yale yale na kituo cha mvua ni kile kile. Mji umejichagulia sehemu kali zaidi ya mvua ile ile kwa kuyaharakisha maji.

Hatua ya 4: Hesabu maji, ya leo na ya mji ukishajaa

Kwa maeneo madogo, hadi karibu hekta 80, fomula ya kawaida ni hii, Q ikiwa mita za ujazo kwa sekunde na A hekta:

```
Q = C × i × A / 360
```

C ni sehemu ya mvua inayotiririka. Isome kwenye picha ya anga: pima asilimia ya paa, lami na zege, uipe 0.9, ardhi iliyobaki wazi uipe 0.2 kama udongo unanyonya kiasi, zaidi kama ni mfinyanzi au mteremko ni mkali. Leo asilimia 21 imefunikwa, C inakuwa 0.35. Mpango wa mji ukijaa itakuwa asilimia 64, C 0.65. Huo mpango usiusome kwa macho ya aliyeuchora. Kama viwanja vya jirani vilivyopangiwa nusu bustani vimesakafiwa vyote, na hivi vitasakafiwa.

Leo: 0.35 × 75 × 60 / 360 = 4.4. Mji ukijaa: 0.65 × 97 × 60 / 360 = 10.5.

Maji yameongezeka mara 2.4. Kufunika ardhi kumeyazidisha kwa 1.86, na kufupisha muda kumeyazidisha kwa 1.29 juu yake. Linganisha na kuhama kutoka mvua ya miaka 10 kwenda ya miaka 25, kulikoongeza asilimia 15 tu. Nimekaa kwenye vikao ambako watu walibishana saa nzima kama mtaro uwe wa miaka 10 au 25, halafu C ikapitishwa bila swali. Ubishi ulikuwa mahali pasipo na maji.

Kuna mtego mmoja hapa unaozipata hasa sehemu zinazokua. Mji hauanzi kujaa pote kwa pamoja. Huanzia chini, karibu na barabara. Tuseme hekta 25 za chini zimejengwa, C 0.8, na maji yake yanafika kwenye kivuko kwa dakika 10, ilhali hekta 35 za juu bado ni mashamba, C 0.25. Ukilichukua eneo lote, C ya wastani ni 0.48, muda ni kama dakika 27, na Q ni 6.3. Ukizichukua hekta 25 peke yake kwa dakika 10, ukali unapanda hadi 116 na Q inakuwa 6.5. Sehemu imezidi jumla! Kwa hiyo kila mara hesabu yote mawili na uchukue kubwa.

Hatua ya 5: Mtaro

Kwa mtaro mkuu tunachukua 10.5. Sehemu yake ya chini ina mteremko wa nusu asilimia. Fomula ni ya Manning, A ikiwa eneo la maji na R eneo hilo likigawanywa kwa urefu wa kuta na sakafu vinavyoguswa na maji, S mteremko, na n, ambayo siyo ile ya mkunjo, ikiwa kipimo cha jinsi kuta na sakafu zinavyokwaruza maji:

```
Q = A × R^(2/3) × S^(1/2) / n
```

Jaribu mstatili wa mawe yaliyopigwa lipu, n 0.017, upana mita 2.5. Kina cha maji cha mita 1.35 kinapitisha 10.5 kwa mwendo wa mita 3.1 kwa sekunde. Ongeza nafasi ya mita 0.25 juu, kina cha ukuta kinakuwa 1.6. Mwendo huo saruji inauvumilia, ila udongo mtupu ungechimbika.

Kisha fanya hesabu ambayo michoro mingi haina: mtaro baada ya misimu miwili bila kuzolewa. Weka n 0.025, sakafu yenye mchanga, chupa na majani. Hata ukijaa hadi ukingoni, mita 1.6 yote, unapitisha 8.9 tu. Nafasi ya mita 0.25 haikununui msimu wa uvivu. Kama unajua wazi kwamba hakuna fungu la kuzoa, panga kwa n ya 0.025 tangu mwanzo na upanue mtaro.

Hatua ya 6: Kalavati

Kalavati likizidiwa, maji hurudi nyuma majumbani au hupita juu ya barabara na kula tuta, kwa hiyo tunalipangia mvua ya miaka 25. Mji ukijaa, Q ni 12.1, kwa leo ni 5.0.

Kwa kalavati fupi lenye mteremko wa kutosha, kinachobana si bomba lenyewe bali mdomo. Kwa kalavati la sanduku lenye kingo za kawaida, maji yakiwa hayajapita sana dari, unaweza kutumia:

```
Q = 1.53 × B × H^1.5
```

B ni jumla ya upana wa matundu, H ni kimo cha maji mbele ya mdomo kutoka sakafuni. Tuchukue matundu ya mita 1.5 kwa 1.5, na H isizidi 1.5. Matundu mawili yanapitisha 8.4, ambayo kwa leo ni zaidi ya kutosha. Matatu yanapitisha 12.6, ambayo yanabeba mji uliojaa. Ukijenga mawili ukaachia hapo, siku ya 12.1 maji yatapanda hadi mita 1.9 mbele ya mdomo. Barabara yetu iko mita 2.0 juu ya sakafu ya kalavati. Zimebaki sentimita kumi, na gogo moja au godoro kuukuu linazimaliza.

Sasa ndipo ile mvua ya miaka 100 inapopata kazi. Q yake ni karibu 14.4, kwa matundu matatu H inakuwa mita 1.64, chini ya barabara. Sawa. Tundu moja likizibwa kabisa siku ya mvua ya miaka 25 tunarudi kwenye ile 1.9. Inapita kwa shida, lakini inapita. Hesabu hizi zote zinadai maji yatoke kwa uhuru upande wa chini. Mto ulio mbele ukifurika na kuzamisha mdomo wa kutokea, fomula ya hapo juu haifai tena, na itabidi uanze na kimo cha mto kisha urudi juu ukiongeza hasara za msuguano, za kuingia na za kutoka.

Kama fedha za tundu la tatu hazipo leo, jenga mawili, lakini msingi na kuta za mdomo ziwe za matatu, na ardhi ya pembeni isigawiwe kiwanja. Halafu weka alama ya kimo kwenye ukuta wa mdomo, rangi tu, kila sentimita 10. Kila baada ya mvua kubwa soma maji yalipofika, kisha fungua faili la kipima mvua na utafute ukali wa dakika 30 wa siku hiyo, au wa dakika 17 mitaro ikishajengwa. Ukali wa 75 ukileta H ya karibu 0.97, C yako ya 0.35 bado ni ya kweli, maana hiyo ndiyo H ya 4.4 kwa matundu mawili. Ikileta 1.2, maji yamefika 6, na mji umekua haraka kuliko mpango. Tundu la tatu limefika wakati wake.